Ba, Be, Bi, Bo, Bu si Wimbo

Ndugu msomaji, wewe unayesoma ukurasa huu ulipita njia ya ba, be, bi, bo, bu. Labda uliipita mwaka jana tu. Unakumbuka mwalimu alivyoandika silabi hizo tano ubaoni, akazigusa kwa fimbo, nanyi mkazitamka pamoja. Leo nataka kusema jambo moja juu ya silabi hizo. Nalisema kwa sababu wengi wenu mtamfundisha mtu nyumbani: mke, mume, mama mkwe au jirani. Sitaki mfanye kosa nililolifanya mimi.

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Nilianza kazi hii katika kijiji kimoja upande wa Mgeta, juu ya milima ya Uluguru. Darasa letu lilikuwa la jioni, baada ya watu kurudi kutoka mashambani. Walikuja wamechoka. Ili wasisinzie, niliwaimbisha. Ba, be, bi, bo, bu! Walipiga makofi, walicheka, na sauti ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Baada ya wiki tatu niliandika katika taarifa yangu kwamba darasa zima linasoma silabi za b. Niliandika kwa moyo mweupe. Niliamini hivyo.

Katika darasa hilo alikuwamo mama mmoja wa makamo, mkulima wa njegere na kabeji. Aliimba kuliko wote. Siku moja hakuja, na kesho yake nikasikia sababu. Alikuwa amemwuzia mchuuzi magunia mawili ya njegere katika soko la Nyandira. Mchuuzi hakuwa na fedha za kutosha siku ile. Alimpa kipande cha karatasi na kumwambia akitunze. Mama akakifunga katika pindo la khanga. Wiki tatu zikapita. Mchuuzi akaja na karani mpya, na karani akasema kwamba mama amekwisha kulipwa. Mama akarudi nyumbani akiwa na uchungu. Jioni mjukuu wake wa darasa la nne akafungua ile karatasi. Ilikuwa na namba 2, na mbele yake neno moja: bado.

Namba 2 mama aliijua. Watu wazima wengi huzijua namba kabla ya kuja darasani, kwa sababu wameshika fedha maisha yao yote. Neno bado ndilo hakulijua. Lakini neno hilo linaanza na ba, na mama huyu alikuwa ameimba ba kwa wiki tatu. Shahidi wake alikuwa katika pindo la khanga, na mwalimu wake alikuwa ameandika kwamba anasoma.

Fedha alilipwa baadaye, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Lakini mimi nilikosa usingizi. Jioni iliyofuata nilichukua kadi zangu tano nikamketisha mama kando. Nikaweka kadi ya bi mbele yake, peke yake. Alinyamaza. Macho yake yakaiacha kadi yakatazama juu. Midomo ikacheza polepole: ba, be, bi. Kisha akasema kwa sauti, "Bi!" Jibu lilikuwa sahihi, ila hakuisoma kadi ile. Alikumbuka kwamba kadi yenye kijiti cha i iko ya tatu katika wimbo, akahesabu kutoka mwanzo. Nikaweka bu. Alichelewa zaidi, maana bu iko mwisho na safari yake ni ndefu. Nikaweka ba. Akaijibu papo hapo.

Hiyo ndiyo alama ya mtu anayeimba, nanyi mwaweza kuiona bila kipimo chochote. Ba huja upesi na bu huja kwa kuchelewa. Midomo hucheza kabla ya sauti. Macho huondoka kwenye kadi. Mtu anayesoma hutumia muda ule ule kwa ba na kwa bu, na macho yake hubaki kwenye kadi. Nilipowapima wote namna hii, wale waliosoma kweli walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Tangu siku hiyo sianzi tena na kadi tano. Naanza na mbili tu: ba na bu. Sababu nitaieleza, nawe uihakikishe mwenyewe kwa vipande vya karatasi.

Kata vipande vinne. Andika ba kwenye viwili, na bu kwenye viwili. Ni lazima kila silabi iwe na kadi mbili, kwa maana neno baba linataka ba mbili. Wako walimu wanaotengeneza kadi moja moja, kisha wanashangaa kwamba neno la kwanza la Kiswahili haliwezi kupangwa mezani. Sasa ziweke kadi mbili mbili kwa kila namna inayowezekana. Utapata maneno haya:

ba + ba = baba
ba + bu = babu
bu + bu = bubu
bu + ba = buba

Tazama! Namna zote zinazowezekana ni nne, na zote nne ni maneno ya Kiswahili. Baba na babu hayahitaji maelezo. Bubu ni mtu asiyeweza kusema. Buba ni ule ugonjwa wa vidonda ambao wazee wanaukumbuka, uliowatesa watu wengi kabla ya sindano za penisilini za miaka ya 1950. Mwanakisomo hawezi kuyapata maneno hayo kwa wimbo, kwa sababu kadi ni mbili tu na hakuna safu ya kuhesabia. Ni lazima atazame.

Tena kuna jambo kubwa zaidi ndani yake. Weka ba kisha bu, na mwulize ni nani. Atasema, "Babu." Sasa zibadilishe nafasi mbele ya macho yake, bu itangulie. Babu amegeuka ugonjwa! Darasa hucheka sana hapo. Lakini katika kicheko hicho wamejifunza kwamba kusoma huanza kushoto kwenda kulia, na kwamba nafasi ya silabi ndiyo inayoleta maana. Nilikuwa nimelieleza jambo hilo kwa maneno mengi ubaoni, na halikueleweka.

Mtu ataniuliza: kwa nini usianze na herufi b yenyewe? Nimeona walimu wanaofanya hivyo, na wanawatesa watu bure. Sisi herufi hiyo tunaiita "be". Mwalimu anasema, "Be na a, ni nini?" Anataka jibu la ba. Mwanakisomo mwenye akili anajibu, "Bea." Amekosa nini? Be na a ni bea kweli. Akiandikiwa baba atasoma "beabea". Na hapo kuna kadi nyingine iitwayo be, ambayo nayo si herufi b peke yake. Mtu mzima akiona mambo hayo hudhani kwamba kusoma ni uganga wa wenye vyeti. Sauti ya b haiwezi kutamkwa vizuri peke yake. Inataka irabu ya kuibeba. Kwa hiyo mpe ba nzima, kama tofali zima. Baadaye, akiziona ba na bu pamoja, ataona mwenyewe kwamba mwanzo wake unafanana na mwisho wake unatofautiana. Akiliona hilo mwenyewe halimtoki.

Nimetaja tofali kwa makusudi. Mwaka 1963 huko Brazili, katika mji mdogo wa Angicos, mwalimu Paulo Freire aliwafundisha vibarua na wakulima kusoma. Moja ya maneno aliyoyatumia katika kazi yake ni tijolo, ambalo kwa Kireno ni tofali. Neno lilikatwa vipande vitatu: ti, jo, lo. Kila kipande kikaletewa ndugu zake: ta, te, ti, to, tu, na kadhalika. Wanafunzi wakaunda maneno yao wenyewe kutoka vipande hivyo. Kireno ni mbali na Kiswahili, lakini hapo tunafanana: lugha zote mbili zinakatika vizuri katika silabi. Kwetu Tanzania, mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza Mwanza mwaka 1968, kwa msaada wa Unesko, nao ulijenga vitabu vyake juu ya kazi za watu, kama kilimo cha pamba. Njia hizo zote zinaanza na neno lenye maana, kisha silabi, kisha neno jipya. Wimbo wa ba, be, bi unaanza na silabi na kuishia hapo hapo.

Sasa niseme juu ya kutengeneza kadi, maana hapa pia niliharibu. Kadi zangu za kwanza zilikuwa za karatasi ya daftari. Ziligeuzwa juu chini gizani na wanakisomo wakasoma vioja. Herufi u ikipinduliwa huwa n. Herufi b ikipinduliwa haiwi b tena, na d ikipinduliwa huwa p. Mtu aliyezoea kusoma huigeuza kadi bila kufikiri. Asiyezoea hana njia ya kujua juu ni wapi. Siku hizi nakata boksi la sabuni. Kadi ni pana kama kiganja, na herufi ni ndefu kama kidole cha kati, imeandikwa kwa kalamu nene ya wino ili mtu wa nyuma aione kwa mwanga wa taa. Kisha nachukua mkasi na kukata pembe ya juu ya kulia ya kila kadi. Kadi ikigeuka, pembe iliyokatwa inakuwa chini, na kila mtu anajua. Napiga pia mstari chini ya silabi. Ni kazi ya jioni moja.

Tukirudi kwenye silabi, ba na bu zikiwa zimeshikwa, ongeza bi. Utapata bibi. Hilo tu! Ongeza be, utapata beba. Ongeza bo, utapata bibo, tunda la mkorosho. Watu wa Mtwara na Pwani wanalijua sana, lakini huku juu kwenye baridi mikorosho haistawi, na mama wa Mgeta atakuuliza bibo ni kitu gani. Nimejaribu kupanga silabi zote tano mbili mbili. Namna ni 25. Maneno ninayoyajua mimi humo ni saba: baba, babu, bubu, buba, bibi, beba, bibo. Manne kati ya hayo saba uliyapata kwa kadi za kwanza mbili. Kwa hiyo kukaa mwezi mzima na ukoo wa b peke yake ni kupoteza mwezi. Hakuna la kusoma humo.

Lango linafunguka ukileta kadi za irabu peke yake: a, e, i, o, u. Mwanakisomo atashangaa, maana ndizo sauti alizokuwa akizitamka ndani ya kadi za kwanza. Sasa panga be na i: bei. Panga ba na o: bao. Panga bu na a: bua, kama bua la mahindi. Panga i na ba: iba. A, i, bu: aibu. U, ba, o: ubao, ule ule ulio mbele yake. Na kadi nne, bu, i, bu, i: buibui. Siku ya buibui darasa langu lilipiga makofi bila kuambiwa.

Baada ya irabu nalileta ta, te, ti, to, tu. Yanakuja bata, bati, tabu, tiba, toba. Linakuja pia neno moja ambalo huku Uluguru lina uzito wake: tuta. Nilipoliweka mezani mara ya kwanza, mzee mmoja aliligusa kwa kidole akanyamaza. Kisha akaanza kusimulia habari za mwaka 1955, wakati serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, nao wakakataa mpaka pakawa na ghasia. Kipindi chote kiliishia kwenye neno hilo moja, na hakuna aliyelisahau. Wimbo hauwezi kukupa kipindi kama hicho.

Niseme kidogo juu ya karatasi ya mazoezi, kwa kuwa walimu wengi huiamini kupita kiasi. Karatasi ya kawaida huandikwa ba na nafasi tupu, be na nafasi tupu, bi na nafasi tupu, kwa mpangilio wa wimbo. Mwanakisomo anaijaza yote bila kusoma. Ukiandika karatasi ya jirani yako, changanya mistari: anza na bu, kisha ba, kisha bo. Weka silabi mbili tu za kuchagua mbele ya kila nafasi, kwa mfano:

ba__ (ti, ta): ndege wa kufugwa, hupenda maji
be__ (i, o): mnunuzi huiuliza
ta__ (ba, bu): shida
tu__ (ta, bi): hupandwa viazi

Msomee maelezo yale kwa mdomo, kwa maana bado hawezi kuyasoma. Yeye kazi yake ni silabi. Akiandika bati badala ya bata, usimwandikie alama ya kosa na kuondoka. Mwambie akisome alichokiandika. Akisoma "bati", basi amesoma vizuri na amechagua vibaya, nalo ni kosa dogo. Lakini akisoma "bata" hali ameandika bati, hapo hatazami bado, na mnarudi kwenye kadi.

Kwenye karatasi hizo za mwanzo usiweke mbuzi, mboga wala mbegu. Ni maneno mazuri ya shamba, lakini m na b zimeshikana, na mtu aliyejifunza kadi moja sauti moja atasoma "me-buzi". Mba, mbe, mbi, mbo, mbu zina kadi zake na wakati wake. Majina ya mahali petu pia yanakuja hatua kwa hatua. Boma, kata ya mjini Morogoro, itasomeka mara ukipata ma. Bigwa, Bunduki na mlima Bondwa yatasubiri gwa, ndu na ndwa.

Kuna neno moja ambalo sikulingojesha. Kwa kanuni yangu ukoo wa da hauletwi karibu na ukoo wa ba, kwa sababu b na d zinafanana. Kijiti kimoja kiko kushoto na kingine kulia, na mtu huchanganyikiwa kwa miezi. Neno bado lina zote mbili. Ni neno baya kuliko yote kwa mwanzo. Lakini nilimtazama yule mama, nikaona siwezi kumwambia asubiri mpaka kanuni yangu iishe. Niliandika bado kwenye kadi moja ndefu nikampa aende nayo nyumbani, alijue kwa sura yake yote, kama mtu anavyoijua sura ya mtoto wake. Walimu wenzangu wengine hawakubaliani nami hapo. Wanasema nimevunja utaratibu. Ni kweli nimeuvunja.

Miezi miwili baadaye tulifika kwenye da, de, di, do, du. Mama alichagua kadi mbili bila kuambiwa, akapanga ba na do. Akatoa ile kadi ndefu katika pindo la khanga, sasa imechakaa pembeni, akailinganisha na zile mbili. Kisha akazigeuza nafasi.

"Doba," akasoma. Akatikisa kichwa. "Hii siyo, mwalimu. Hii hanidai mtu."

Jioni iliyofuata alinikuta nafunga mlango wa darasa. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia huku akinipa boksi tupu la sabuni.

"Mwanangu, nataka njegere."

Nikamwambia njegere ina nje, ambayo ni n na j zilizoshikana, na hatujafika huko.

"Basi kata," akasema. Nikafungua mlango, nikatafuta mkasi.